Ujumbe wa LinkedIn kwa aliyekusaili: futa hilo ombi kabla hujatuma

Swali: "Wakuu, juzi nimefanya usaili kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Nataka kumwomba urafiki LinkedIn mmoja wa waliokuwa kwenye jopo. Nimeandika: 'Habari mkuu, nimefurahi kukutana nawe. Naomba unikumbuke kwenye matokeo, nahitaji sana hii kazi.' Nitume leo au nisubiri? Kiswahili au Kiingereza?"

Usitume. Kama umeshabonyeza, ingia kwenye orodha ya maombi uliyotuma ubonyeze Withdraw sasa hivi, halafu urudi usome.

Hiyo "naomba unikumbuke" ndiyo itakayokuharibia. Mimi nilisailiwa nafasi ya udhibiti wa ubora, kiwanda cha minofu ya sangara huku huku kwetu. Jopo la watu watatu, kila mmoja na karatasi yake ya alama. Dada mmoja wa maabara tukaelewana vizuri: aliniuliza samaki akishuka kwenye boti unampima joto wapi, nikamjibu ndani kabisa kwenye nyama nene karibu na mfupa, maana ngozi iliyolaliwa na barafu inapoa haraka na itakudanganya. Akatabasamu, akaandika.

Jioni nikamtumia ombi lenye ujumbe huu: "Habari dada, mimi ni yule wa saa nne. Naomba uniongelee kwa wenzako, hali yangu ngumu. Majibu lini?"

Siku chache baadaye afisa rasilimali watu akanipigia. Yule dada alikuwa ameupeleka ujumbe wangu mezani na kuomba alama zake kwangu zisihesabiwe, asije akaonekana ana mtu wake. Na ndiye aliyekuwa amenipa alama za juu kuliko wenzake! Alifanya sawa kabisa, simlaumu. Mtu anayekusaili ukimwomba akubebe pembeni, umemweka mahali ambapo njia yake safi ni moja tu, kukutaja. Akinyamaza, halafu ukapata kazi, na ujumbe ukaja kuonekana, ni yeye atakayeulizwa.

Na utaonekana. Akikubali ombi lako, ujumbe ule unakuwa mstari wa kwanza kwenye mazungumzo yenu, unabaki pale. Huwezi kuuhariri baada ya kutuma. Ukiutoa kwa Withdraw, huwezi kumwomba tena mtu huyo huyo kwa muda wa hadi wiki 3, na kama taarifa ilishamfikia kwenye barua pepe, ameshasoma.

Ninayemkasirikia ni mkufunzi wa semina ya ajira niliyolipia ada kwa pesa ya kuazima. Alisimama mbele ya ukumbi mzima akatuambia mwajiri anapenda mtu anayeeleza shida yake, eti "omba, ukinyamaza unasahaulika". Watu wanaandika kwenye daftari! Hajawahi kukaa upande wa pili wa meza hata siku moja, na bado anafundisha.

Kanuni yangu ni moja: ujumbe wa ombi la LinkedIn usiombe kitu chochote zaidi ya kufahamiana. Usiulize matokeo, usieleze shida. Kuuliza majibu kunakwenda kwa afisa rasilimali watu, kwa barua pepe ile ile iliyokuita kwenye usaili.

Nafasi yenyewe ni finyu, akaunti ya bure inakupa herufi 200 pamoja na nafasi zilizo wazi. Ndiyo maana kuomba kubebwa humo ni hatari: ukianza kupunguza maneno, shukrani ndiyo inayokatwa, shida inabaki peke yake. Mimi leo ningeandika hivi:

"Habari dada. Asante kwa usaili wa Jumanne. Nilifurahia swali lako la samaki apimwe joto wapi, nikajibu karibu na mfupa. Ningependa tuwe tunafahamiana hapa."

Inaingia bila shida. Sentensi ya katikati ndiyo inayofanya kazi: ni jambo lililosemwa ndani ya chumba kile, kwa hiyo anakukumbuka kwa ulichojua, na hata akiupeleka mezani hauna cha kumtia aibu yeye wala wewe. Wewe tafuta la kwako. Walikuuliza nini mkakijadili kidogo? Weka hilo.

Angalia pia kitufe. Ukibonyeza Connect kwenye ile orodha ya watu unaoweza kuwafahamu, ombi linaondoka tupu. Fungua ukurasa wake, bonyeza Connect ya pale, tafuta Add a note, ndipo uandike.

Lini? Kama jopo lilikuwa la alama kama langu, subiri matokeo yatoke. Kama ni ofisi ndogo na aliyekusaili ndiye mwenye uamuzi, siku inayofuata inatosha. Lugha, tumia ile mliyosailiana.

Andika upya, ubandike hapa niusome kabla hujatuma.