Kapsheni ya bethdei ya besti

"Besti wangu ana bethdei kesho. Nimeandika: 'Heri ya kuzaliwa kipenzi, Mungu akupe maisha marefu, nakupenda sana.' Naona ni ya kila mtu. Tulilala deka moja bwenini, nikiumwa ananichotea maji."

Hayo maji ndiyo kapsheni yenyewe, shoga! Toa "kipenzi" na "nakupenda sana", tendo lake linatosha kuyasema. Jaribu: "Wewe uliyejaza ndoo yangu kabla ya yako nilipokuwa naumwa, heri ya kuzaliwa, jirani yangu wa kitanda cha chini." Dua ibaki, ila iombe kitu anachokihangaikia mwaka huu. Picha nayo weka, ila si nyingi: moja ya bwenini inatosha. Kisha isome ukimfikiria rafiki mwingine. Ikimfaa naye, bado hujamaliza.