Fomu ya kujitathmini shule: andika ushahidi, sifa ziache

Niko kwenye timu ya udhibiti ubora wa ndani hapa shuleni kwetu, shule ya msingi ya serikali, na walimu wa shule jirani huwa wananiletea fomu zao za kujitathmini nizipitie kabla hazijafika kwa wadhibiti ubora wa wilaya (wengi bado tunawaita wakaguzi, ingawa jina lilibadilika). Karibu kila fomu ninayosoma ina sentensi hizi: "Wanafunzi wengi wanasoma vizuri." "Walimu wanatumia mbinu shirikishi." "Ushirikiano na wazazi ni mzuri." Ukizitoa kwenye fomu ya shule moja ukazibandika kwenye fomu ya shule nyingine hakuna atakayeshtuka, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu mdhibiti akisoma hajajua chochote kuhusu shule yako na inabidi aanze kutafuta mwenyewe kutoka sifuri, na akitafuta mwenyewe atakuta vitu ambavyo wewe ungeweza kumweleza vizuri zaidi.

Mfumo tunaotumia Tanzania tangu 2017 una maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na upimaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule pamoja na afya na usalama wa watoto, halafu ushiriki wa jamii. Sitaki kuyapitia yote. Nataka tuchukue hilo la kwanza, tena kakipande kadogo tu, kusoma kwa darasa la tatu, tuone ile sentensi ya "wengi wanasoma vizuri" inageukaje kuwa ushahidi. Namba nitakazotumia ni za mfano, ila hatua ndizo tunazofuata kwetu.

Tuseme darasa la tatu lina watoto 84. Mwezi wa pili mnawapima kusoma mmoja mmoja, kwa mdomo, kwa ngazi: silabi, maneno, aya, halafu hadithi fupi yenye maswali matatu. Kazi yenyewe inachukua dakika tatu nne kwa mtoto, kwa hiyo walimu wawili wanamaliza ndani ya siku mbili bila kuvuruga ratiba sana. Kitu cha lazima hapa, anayemsikiliza mtoto asiwe mwalimu wa darasa hilo. Sio kwamba simwamini, ila mwalimu anawapenda watoto wake, mtoto akikwama anamalizia neno mdomoni kwake bila hata kujua. Mnapata watoto 31 wanasoma hadithi na kujibu maswali, na 22 hawavuki silabi. Waliobaki wapo katikati.

Mwezi wa kumi mnarudia. Hadithi iwe nyingine ila ugumu ule ule, maneno idadi ile ile, maana mkirudisha ya kwanza kuna watoto wameshaikariri na utakuwa unapima kumbukumbu. Sasa hapa ndipo fomu nyingi zinapoharibika. Darasa sasa hivi lina watoto 86, watano wamehama na saba wamehamia, na shule inachukua jumla ya mwezi wa pili inalinganisha na jumla ya mwezi wa kumi kana kwamba ni watoto wale wale. Sio wale wale. Inawezekana hao saba walikuja wanasoma tayari, wakapandisha namba yenu bila nyinyi kufanya kitu. Chukua orodha, toa waliohama na waliohamia, baki na wale 79 mliokuwa nao mwanzo mpaka mwisho. Kati ya hao, mwezi wa pili 29 walikuwa wanasoma hadithi, mwezi wa kumi ni 47. Na waliokuwa hawavuki silabi walikuwa 20, sasa wamebaki 11.

Hiyo tayari ni sentensi ya maana. Lakini mdhibiti atakuuliza mmefanya nini mpaka hao wakapanda, na jibu la kawaida ni "tulianzisha vipindi vya kusoma". Sawa, mlianzisha. Kuanzisha kipindi ni shughuli, mdhibiti anataka kujua ile shughuli ilileta nini. Kwa hiyo rudini kwenye daftari la mahudhurio ya kile kipindi cha ziada (kama halipo anzeni leo, ni karatasi tu yenye majina na tarehe). Mnakuta kati ya wale 20, watoto 14 walihudhuria kipindi cha ziada mara kwa mara, na kati ya hao wanane wamepanda ngazi. Sita hawakuhudhuria vizuri, na kati ya hao aliyepanda ni mmoja tu.

Je hii inathibitisha kwamba kipindi ndicho kilichowapandisha? Hapana, na msiandike hivyo. Mtoto anayekuja kipindi cha ziada mara nyingi ndiye yule yule anayekuja shule kila siku na nyumbani kuna mtu anamfuatilia. Andikeni mlichokiona: waliohudhuria wamepanda zaidi ya wasiohudhuria. Mdhibiti mzoefu anaheshimu sana shule inayojua mpaka wa ushahidi wake.

Sasa angalieni wale 11 waliobaki, maana kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa kazi yote hii. Watano ni wale wasiohudhuria kipindi, na mkifungua rejesta ya darasa mnakuta hao hao wamekosa shule zaidi ya siku moja kati ya kila tano. Sita wengine wamekuja shule, wamekuja na kipindi cha ziada, na bado hawajasogea. Kwa hiyo ndani ya "watoto 11 wasiojua kusoma" kuna matatizo mawili tofauti kabisa. Watano wanahitaji mtu afike nyumbani, kupitia kamati ya shule na mwenyekiti wa kitongoji, kujua kwa nini hawaji. Sita wanahitaji kupimwa macho na masikio, na kurudishwa kwenye sauti za herufi na mwalimu mwingine kwa njia nyingine, kwa sababu kuwaongezea kipindi kile kile ambacho hakijawasaidia ni kuwachosha tu. Kama mngebaki na "wengi wanasoma vizuri" hawa watoto sita mngewapeleka darasa la nne na wangefika kwenye upimaji wa kitaifa hawajui kusoma swali.

Basi kwenye fomu inakuwa hivi:

"Kati ya wanafunzi 79 wa darasa la tatu waliokuwepo Februari na Oktoba, wanaosoma hadithi na kujibu maswali wameongezeka kutoka 29 hadi 47. Wasiovuka silabi wamepungua kutoka 20 hadi 11. Kati ya hao 11, watano wana utoro wa zaidi ya siku moja kati ya tano, na sita wanahudhuria vizuri ila hawajasogea. Watano wanafuatiliwa nyumbani na kamati ya shule, sita wamepangiwa mwalimu na uchunguzi wa macho na masikio kabla ya mwisho wa Novemba. Ushahidi: karatasi za upimaji, daftari la kipindi cha ziada, rejesta ya darasa, faili la taaluma namba 3."

Ni mistari michache tu, ila ina idadi, ina tarehe, ina udhaifu uliotajwa wazi, ina kinachofanyika, na inaonyesha karatasi ziko wapi. Hapo kwenye faili namba 3 nasisitiza, kwa sababu kuna shule zinamwekea mdhibiti meza nzima ya mafaili halafu hakuna anayejua kilichomo. Mdhibiti hana siku nyingi kwenu. Akiona mstari kwenye fomu anataka aifikie karatasi yake ndani ya dakika moja.

Na kwa darasa dogo andikeni idadi ya watoto, asilimia ziacheni. Kwenye kundi la watoto 20 mtoto mmoja tu ni asilimia 5, kwa hiyo akiumwa siku ya upimaji takwimu yako inaruka na inaonekana kama kuna jambo kubwa limetokea.

Upande wa ufundishaji, ile "mbinu shirikishi", maandalio ya somo pekee hayatoshi, kwa sababu andalio linasema mwalimu alikusudia nini. Ushahidi mzuri kuliko wote upo kwenye daftari za watoto na hauna gharama. Ila msimwachie mwalimu achague daftari, ataleta za watoto watatu wanaokaa mbele. Chukua rejesta, chagua kila jina la nane, zikusanye hizo hizo. Angalia vitu viwili tu: kazi imesahihishwa ndani ya muda gani, na baada ya kusahihishwa mtoto alirudia lile kosa akalipata? Alama ya kosa yenye wino mwekundu bila masahihisho ya mtoto chini yake inaonyesha mwalimu alifanya kazi, haionyeshi mtoto alijifunza. Halafu ingia darasani uone, halafu waulize watoto wawili watatu nje wakuonyeshe walichojifunza jana. Daftari, darasa na mdomo wa mtoto vikisema kitu kimoja, andika kwa kujiamini. Visipokubaliana, andika kwamba havikubaliani na mnachunguza.

Hata rejesta yenyewe ihakikini kabla hamjaitumia. Siku moja ambayo haikutangazwa, saa nne asubuhi, hesabuni vichwa darasa kwa darasa mlinganishe na rejesta ya asubuhi. Rejesta ikisema 80 na madawati yakiwa na 66, basi kila hoja mliyoijenga juu ya mahudhurio inayumba, na ni afadhali mlijue nyinyi mapema kuliko mdhibiti kulijua mbele yenu.

Kiwango mnachojipa kiamueni mwisho, baada ya ushahidi wote kukaa mezani. Nimeona timu zinaanza kwa kusema "sisi ni vizuri" halafu zinatafuta karatasi za kushikilia hapo, na matokeo yake kila kinachopinga kinaachwa nje. Halafu kabla ya kupeleka fomu, walimu wote waisome. Mdhibiti anaweza kumuuliza mwalimu wa darasa la tatu kuhusu wale watoto sita, na kama mwalimu mwenyewe ndiyo anasikia kwa mara ya kwanza, zile namba zote zinapoteza nguvu hata kama ni za kweli.

La mwisho ni la utunzaji. Uhamisho wa walimu hautoi taarifa, mwalimu anaondoka na daftari lake la upimaji kwenye begi, na shule inabaki haina kitu cha kulinganisha. Kila muhula ukiisha, nakala moja ya orodha za upimaji ibaki kwa mwalimu wa taaluma na nyingine ofisini kwa mwalimu mkuu, zikiwa na tarehe na jina la aliyepima.