Krosimachi haikuonyesha kitu, mbona macho ni ya njano siku ya nane?

*"Mgonjwa ni mama wa kundi B, Rh chanya, amezaa mara tatu. Tulichanganya seramu yake na seli za chupa ya B, tukasokota, hazikushikamana, tukatoa damu. Siku ya nane macho yamekuwa ya njano na hemoglobini imeshuka tena. Tulikosea wapi?"*

Kabla ya yote, mwambieni daktari wake leo, chukueni sampuli mpya, na asiongezewe chupa nyingine kwa majibu ya sampuli ya zamani.

Krosimachi mliyofanya hujibu swali moja tu: je, kundi la ABO linaelewana? Kingamwili za ABO nyingi ni IgM, molekuli kubwa yenye mikono kumi, nazo huzishika seli mbili kwa mpigo hata kwenye joto la chumba. Lakini kingamwili ambazo mama huzipata kwa ujauzito au kwa kuongezewa damu kwa kawaida ni IgG. Hii ni ndogo. Seli nyekundu zina chaji hasi na husukumana, kwa hiyo IgG hujibandika kwenye seli moja na haifiki ya pili. Ukitazama tyubu unaona seli zimeelea huru, kumbe zimevikwa kingamwili tayari.

Hapo ndipo antiglobulini inapohitajika. Coombs, Mourant na Race walieleza kipimo hiki mwaka 1945: ni kingamwili inayoshika globulini ya binadamu, hivyo inaunganisha IgG ya seli hii na IgG ya seli ile, na vibonge vinaonekana. Weka matone 2 ya seramu na tone 1 la seli zilizochanganywa na salaini kwa asilimia 3 hadi 5. Acha kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30 hadi 60. Ukitumia salaini yenye chumvi kidogo, fuata muda mfupi ulioandikwa na mtengenezaji. Osha kwa salaini mara tatu au nne, tia antiglobulini, sokota, soma papo hapo.

Kosa la kawaida liko kwenye kuosha. Seramu imejaa IgG ambayo haijashika seli yoyote. Ikibaki hata kidogo, huimaliza antiglobulini kabla haijafika kwenye seli, nawe unasoma hasi ya uongo. Mwaga salaini yote kila mara, na usiache tyubu zikisubiri katikati ya kuosha, kwa sababu kingamwili dhaifu hubanduka. Kisha kila tyubu iliyotoka hasi itiwe seli za udhibiti, zilizovikwa IgG tangu mwanzo. Zikishikamana, antiglobulini ilikuwepo na inafanya kazi. Zisiposhikamana, tyubu hiyo haina jibu. Rudia tangu mwanzo.

Uchunguzi wa kingamwili hutumia njia hiyohiyo, ila seli ni za kundi O, za wachangiaji wawili au watatu ambao antijeni zao zinajulikana. Tuchukue mfano unaofanana na mama huyu, wa antijeni mbili za kundi la Kidd, Jka na Jkb. Seli ya I, Jk(a−b+), inatoka hasi; ya II, Jk(a+b−), inatoka 2+; ya III, Jk(a+b+), inatoka dhaifu kabisa. Seli zake mwenyewe na seramu yake hazishikamani. Hilo linaelekeza kwenye kingamwili dhidi ya Jka, na tofauti ya II na III ina sababu: seli iliyorithi Jka kwa wazazi wote wawili hubeba antijeni nyingi zaidi. Kundi zima la seli za utambuzi ndilo litakalothibitisha.

Kwa sababu hiyo siridhiki na krosimachi peke yake, hata ile kamili yenye antiglobulini. Chupa yenye Jk(a+b+) inaweza kutoka hasi mbele ya kingamwili dhaifu, ilhali seli ya II imeshaifichua. Kwa upande mwingine, antijeni adimu isiyokuwemo kwenye seli za uchunguzi hunaswa na krosimachi tu.

Kwenu nashuku Kidd kwanza, ingawa Rh, Kell na Duffy nazo zinawezekana. Kingamwili za Kidd hupungua kwa miezi hadi hazionekani kwa kipimo chochote, kisha damu mpya inaziamsha, na hemolisisi, yaani kuvunjika kwa seli nyekundu, inaanza siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo huenda hata uchunguzi kamili wa siku ya kwanza ungetoka hasi. Sasa fanyeni antiglobulini ya moja kwa moja kwenye seli zake: seli za mchangiaji zilizobaki zinaweza kuwa zimevikwa. Seramu ikiwa bado dhaifu, kingamwili ibanduliwe kutoka kwenye seli hizo na maji yake ndiyo yapimwe.

Ikithibitika ni Jka, pimeni chupa kwa seramu ya anti-Jka na mchukue zilizo hasi tu, kisha mfanye krosimachi kamili. Kwa wachangiaji wenye asili ya Afrika ni takribani 8 kati ya 100, kwa hiyo anzeni kutafuta mapema. Jibu hilo liandikwe kwenye kadi anayokaa nayo mama mwenyewe, maana mwakani kipimo kinaweza kutoka hasi tena.