Imeshuka Hadi 430, na Bado Siinunui

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mkoani aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Ile hisa uliyoinunua 700 sasa ipo 430. Hapo si ndipo penye ile nafasi ya usalama unayotuhubiria?" Nilicheka, halafu nikanuna. Ile shilingi 700 ilitoka mfukoni mwangu, mara hisa 4,000.

Nafasi ya usalama ni pengo baina ya bei ya sokoni na thamani halisi unayoikadiria wewe. Unatoa bei kwenye thamani, kinachobaki unakigawa kwa thamani, si kwa bei. Ukigawa kwa bei pengo linavimba na wewe unajidanganya. Kampuni yangu, ya huko bara na imo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ilipata faida ya shilingi 100 kwa kila hisa. Nikazidisha mara 10, nikapata thamani ya 1,000. Bei 700, pengo 300, yaani asilimia 30. Nilimwonesha shemeji yangu karatasi kwa majivuno, mbele za watu, pale Darajani.

Mwaka uliofuata faida ikaanguka. Kumbe ule mwaka wa faida ya 100 mshindani wake alikuwa amesimamisha kiwanda, wateja wakahamia kwa kampuni yangu kwa muda tu. Taarifa ya mwaka ilikuwa imeandika hivyo, ukurasa ambao niliuruka. Nikauza kwa 450, na hata kuuza kwenyewe kulichukua wiki tatu, maana wanunuzi wa hisa zile ni wa kuhesabu. Milioni moja ikaenda, achilia mbali ada ya dalali. Shemeji hajanisahaulisha mpaka leo.

Aliyenifungua macho ni baba, ambaye hajui hata hisa inafananaje. Yeye amekodi mikarafuu Wete tangu sijazaliwa. Huzunguka shamba, hutazama vikonyo, kisha hukadiria. Akiona pishi 100, hutoa bei ya pishi 60. Zile 40 si faida anayoipigia hesabu. Ni za mvua itakayokuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, za wachumaji watakaokimbilia shamba la jirani, na za macho yake mwenyewe, ambayo anajua hukosea. Na hakosi kuuliza mti ulizaa vipi misimu iliyopita, kwani mkarafuu uliozaa sana mwaka huu huenda ukapumzika mwakani. Nilipomweleza hesabu yangu akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, wewe umekodi mwaka wa neema mmoja kwa bei ya miaka kumi."

Benjamin Graham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyelifanya wazo hili kuwa nguzo ya uwekezaji, alisisitiza jambo hilohilo: tazama wastani wa faida wa miaka mingi. Nikarudi kwenye taarifa za miaka mitano: 40, 55, 45, 60, 100. Wastani ni 60. Ukizidisha mara 10 unapata 600. Kwa hiyo nilipolipa 700 sikuwa na pengo lolote. Nililipa 100 zaidi ya thamani.

Halafu, kwa nini mara 10? Mara 10 maana yake kila shilingi 100 unazolipa zinakuletea faida ya 10. Serikali ya Tanzania imekopa kwa kuuza hatifungani za miaka 25 zenye riba inayozidi asilimia 12. Nani akubali 10 kwenye kampuni inayoyumba? Sasa natumia mara 8, ambayo ni sawa na asilimia 12.5. Wastani wa 60 mara 8 ni 480.

Ndugu yangu wa Mkoani, hapo ndipo penye jibu lako. Thamani 480, bei 430, pengo 50: kama asilimia 10 hivi. Hilo halibebi hata kosa dogo, maana wastani ukiwa 50 badala ya 60, thamani inakuwa 400 na bei imeshaipita. Mimi nataka pengo la theluthi nzima, yaani bei ya 320. Kushuka kutoka 700 hakukwambii kitu. 700 ilikuwa bei, na bei ile niliipanga mimi na wajinga wenzangu.

Wastani nao hudanganya. Kama faida ingepanda kwa sababu kampuni imefunga mtambo mpya na inauza tani zaidi mwaka baada ya mwaka, ningeipunja kwa kuirudisha kwenye 60. Na kama biashara yake inakufa, 60 ni nyingi mno. Ndiyo maana siku hizi naanza na kiasi cha bidhaa kilichouzwa, na sababu yake, kabla sijagusa faida.

Kijana akaniuliza tena: "Na isipofika 320?"

Basi sinunui. Baba naye yapo mashamba mengi Wete ambayo hakuyakodi.