Waingereza walibadilisha nini, na mwenye wimbo alipata nini?

"Wakuu, bendi za Uingereza zilibadilisha nini hasa katika nyimbo za Wamarekani weusi, na mtunzi alipata chochote?"

Salaam mkuu. Anza na wimbo mmoja, "It's All Over Now", usikilize matoleo yake mawili ya mwaka 1964 kwa kufuatana.

La kwanza ni la The Valentinos, ndugu wa ukoo wa Womack, waliorekodi chini ya lebo ya mwimbaji Sam Cooke. Ni muziki wa kuchezeka, na sauti zao zimelelewa kanisani. La pili ni la Rolling Stones, bendi ya Uingereza: walipewa santuri hiyo na mtangazaji wa redio wa New York, wakaurekodi wimbo Juni katika studio za Chess, Chicago, walikorekodi magwiji wao wa bluzi. Walilipeleka mbele gitaa, lenye mwangwi mzito, na mwishoni linarudia mapigo yaleyale hadi sauti inafifia.

Toleo lao lilishika namba 1 Uingereza na kuingia 30 bora Marekani, ambako lile la awali liliishia mkiani mwa 100 bora.

Kuhusu malipo, angalia kwanza majina yaliyo chini ya jina la wimbo kwenye lebo ya santuri, kwa kuwa mirabaha ya utunzi huyafuata hayo, si mwimbaji. Bobby Womack, mtunzi mwenza, hakutaka kabisa Waingereza wauimbe, lakini hundi ya mirabaha ilipomfikia alibadili msimamo.