Kabla Hujachapa Kitabu cha Zamani, Hesabu Vifo, Si Umri wa Kitabu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa binti mmoja wa Tanga anayeongoza kikundi cha maigizo. "Shikamoo kaka. Nina fotokopi ya kitabu cha 1965, kina habari za desturi na safari za Waswahili wa zamani, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kimeshatimiza miaka sitini. Naweza kukichapa upya na kukitungia mchezo wa redio?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa sentensi mbili kwa sababu nilikuwa kiwandani, lakini swali lako linaulizwa na wengi, na mimi hili jambo nimelisotea. Kijitabu changu cha harusi za mwambao kilitoka mwezi uliopita, na hakuna mtu aliyeweza kunisimamisha. Kwa hiyo leo nitajidai kidogo, mtanivumilia.

Kwanza, miaka sitini ya kitabu haina maana yoyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya 1999 haiulizi kitabu kilichapwa lini, inauliza mwandishi alikufa lini. Haki hudumu maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo, na miaka hiyo huhesabiwa mpaka Desemba 31 ya mwaka wa mwisho. Kama waandishi ni wawili kwa kazi moja, unamhesabu aliyekufa mwisho. Kenya nako ni 50. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, kwa hiyo ukichapa Unguja hukimbilii COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara. Mtu akikwambia "kitabu cha zamani ni cha wote", muulize mwandishi kazikwa mwaka gani. Atanyamaza.

Sasa hicho cha 1965. Naamini nakijua: ni cha Lyndon Harries, na jalada lenyewe linasema ni mkusanyo uliochaguliwa kutoka maandishi aliyoyakusanya Carl Velten kati ya 1893 na 1896. Soma tena maneno hayo, maana ufunguo wote umo humo. Kiswahili ulichonacho mkononi hakikuandikwa 1965. Kiliandikwa na Waswahili miaka ya 1890, Velten akakichapa Ujerumani katika vitabu viwili, Safari za Wasuaheli mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Cha 1965 ni uteuzi, utangulizi, maelezo na tafsiri ya Kiingereza. Ndani ya fotokopi moja unazo kazi za watu wa vizazi viwili, na kila mmoja ana saa yake.

Nilipoanza kijitabu changu, nilichukua karatasi nikaandika majina ya kila aliyetia mkono. Hii ndiyo kazi yenyewe, mengine ni mapambo. Kwa Desturi za Wasuaheli jina kubwa kwenye jalada ni Velten, lakini mwandishi mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaoa Mjerumani, na aliporudi na mkewe 1905 wakoloni wakamkatalia kushuka naye pwani. (Mtu anaandika kitabu kizima, jina la mwingine linakaa juu. Hilo bado linanikera, ndiyo maana kwenye kijitabu changu jina la Mtoro liko juu na la Velten liko chini.) Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Velten alifariki 1935. Fanya hesabu ya aliyekufa mwisho: 1935 jumlisha 50 ni 1985. Tangu Januari 1, 1986, mwaka wowote utakaochapa hapa nyumbani uko salama kwa hao wawili. Hata Ujerumani, wanakohesabu miaka 70, haki ya Velten iliisha mwishoni mwa 2005.

Miaka ya vifo utaipata wapi? Mimi huanza VIAF, ambako maktaba kubwa za dunia zimeunganisha kumbukumbu za majina ya waandishi, kisha naangalia katalogi ya maktaba ya taifa ya nchi kilikochapwa kitabu. Nikipata mwaka uleule sehemu mbili zisizonakiliana, naandika. Majina yetu yanasumbua. Mtoro ameandikwa Mwinyi, ameandikwa Mwenyi, kwingine amewekwa chini ya Bakari kana kwamba ni jina la ukoo. Tafuta kila umbo kabla hujasema hayupo.

Hapo mimi nilidhani nimemaliza, kumbe kitabu kina wengine. Desturi za Wasuaheli ina sehemu zilizotoka kwa watu wasiotajwa. Hao ni rahisi: kazi isiyo na jina la mwandishi inahesabiwa miaka 50 tangu itoke, na 1903 imekwisha zamani. Kinachotoa jasho ni mtu mwenye jina lakini asiye na tarehe ya kifo, na hao wamejaa kwenye Safari za Wasuaheli. Mmoja ni Salim bin Abakari, Mngazija aliyesafiri na bwana wake Bumiller mpaka Urusi na Siberia akaandika aliyoyaona. Safari ile ningependa sana kuichapa. Mwaka aliokufa Salim sikuupata popote.

Basi nikafanya hivi, na ninawashauri mfanye hivyohivyo. Mpe mwandishi umri mrefu kuliko unavyoamini, halafu uone kama bado unapita. Maandishi yalikusanywa kufikia 1896. Tuseme Salim alikuwa kijana wa miaka 20 tu wakati huo, amezaliwa 1876. Tuseme Mungu alimjalia miaka mia, akafa 1976. Ongeza 50, unafika Desemba 31, 2026. Kwa makadirio hayo ya mwoga, Tanzania inafunguka Januari 2027. Ulaya, kwa miaka 70, ni Januari 2047. Najua mtasema hakuna aliyeishi miaka mia, na huenda ni kweli. Lakini ukipunguza umri ili upate jibu unalolitaka, hujafanya ukaguzi, umejipigia kura. Nikaiweka Safari ya Urusi kando, nikabaki na harusi za Mtoro.

Aliyekuwa mshirika wangu alinicheka. Tulianza pamoja, na kila nilipotaja tarehe ya kifo aliniita karani wa makaburi. Alijitoa akachapa kitabu kingine cha zamani, sikitaji. Kiswahili cha zamani kilimshinda, maana tahajia ya Wajerumani wa enzi ile inachosha macho, kwa hiyo akachukua tafsiri ya Kiingereza ya miaka ya karibuni, akairudisha kwenye Kiswahili chepesi. Akili yake ilimwambia kwamba kwa kuwa asili ni huru, chochote kinachotoka kwenye asili ni huru.

Si hivyo. Tafsiri ni kazi mpya yenye mwenyewe. Chukua mfano wa Desturi ya Mtoro: tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilitoka 1981, na Allen alifariki 1979. Kwa sheria yetu haki yake inadumu mpaka mwisho wa 2029. Ukirudisha Kiingereza chake kwenye Kiswahili, hujachapa Mtoro, umetafsiri Allen bila ruhusa. Na inajulikana! Mtafsiri huongeza neno la kufafanua, hugawa aya kwa namna yake, huchagua maana moja pale ambapo asili ina mbili. Mtu akiweka kurasa zako na za 1903 meza moja, anaona umepita njia gani. Mshirika wangu aliulizwa na msambazaji barua ya ruhusa ya tafsiri, hakuwa nayo, na maboksi yake mpaka leo yako stoo. Sifurahii. Vizuri, nafurahia kidogo.

Kwa hiyo binti wa Tanga, fotokopi yako iweke kabatini. Itakusaidia kuelewa, isikusaidie kunakili. Tafuta picha za kurasa za toleo la 1903 kwenye archive.org, uandike upya maneno ya Kiswahili kutoka humo. Ukiikuta HathiTrust, maktaba nyingine ya mtandaoni, soma vizuri lebo yake, kwa sababu "Public Domain in the United States" inasema habari za Marekani peke yake. Huko vitabu vya 1903 vimefunguka kwa sababu ya mwaka wa kuchapwa, na kanuni hiyo si yetu. Nimeona watu wakichapa Kariakoo kwa kutegemea lebo ile, nikashika kichwa.

Tahajia ukiibadilisha wewe mwenyewe kutoka 1903, hakuna neno. Ukiikuta imeshabadilishwa na mhariri wa karibuni pamoja na vifafanuzi vyake chini ya ukurasa, hivyo vifafanuzi ni vyake. Dibaji, picha na ramani navyo kila kimoja kina mwenyewe. Mimi niliacha kila kisichokuwamo 1903, nikaandika dibaji yangu, nikamlipa mchoraji na kumwekea mkataba wa maandishi.

Kwa mchezo wa redio, kanuni ni hiyohiyo. Arusi ya Mtoro unaweza kuigeuza mazungumzo, kuikata, kuihamishia Chumbageni ukitaka. Kuwa mwangalifu na nyimbo za waigizaji wako: wimbo wa taarabu wa miaka ya sabini ukiuingiza nyuma ya onyesho la harusi, umeshaingiza mwenye haki mwingine, na hesabu inaanza upya kwa mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki.

Karatasi ya majina usiitupe. Yangu ina safu tatu, jina na kazi aliyofanya, mwaka wa kifo na nilikoupata, na mwaka haki inapoisha Tanzania. Nimeibandika pamoja na picha ya ukurasa wa jina la kitabu cha 1903. Mwenye kiwanda aliiomba kabla ya kuwasha mashine. Nilipopandisha toleo la simu Amazon, watu wa KDP, huduma yao ya kujichapishia vitabu, walitaka kujua nimejuaje kwamba kazi imeisha haki. Pia hawapokei kitabu huru kilichonakiliwa tu kama tayari kinapatikana bure, wanataka uwe umekitafsiri, umekiwekea maelezo au michoro yako. Maelezo nilikuwa nayo, karatasi nilikuwa nayo. Kwenye sehemu ya nchi za kuuzia niliweka dunia nzima, maana haki za Mtoro na Velten zimeisha hata kwa miaka 70. Safari ya Salim ikitoka 2027, pale nitaweka alama kwa nchi za miaka 50 tu, na Ulaya nitaiacha wazi bila alama.