Mkojo wa Njano Sio Ushahidi: Mimi, Kipandauso na Vitamini B2

Juzi dada mmoja wa Tabata aliniandikia: "Dada, nimemaliza wiki mbili za vitamini B2. Mkojo umekuwa wa njano mpaka naogopa, na kichwa kiko palepale. Nimeibiwa?"

Nilisoma ujumbe ule nikajiona mwenyewe. Nina kipandauso tangu shule. Upande wa kulia unagonga, mwanga unachoma, natapika. Nikiwa nauza vitambaa Kariakoo, bosi wangu aliniambia mbele ya wateja kwamba kichwa changu kinaumwa siku za kazi nyingi tu. Miaka imepita na bado neno lile linaniuma.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dozi. Nilisikia "vitamini B husaidia", nikanunua B kompleksi ya bei rahisi, nikameza miezi miwili. Siku moja nikageuza pakiti nikasoma maandishi madogo nyuma: riboflavini, yaani B2, miligramu 2. Dozi iliyopimwa kwa kipandauso ni miligramu 400 kwa siku. Ningehitaji vidonge 200 kila siku! Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujasema umeibiwa, geuza kopo.

Halafu huo unjano. Riboflavini yenyewe ni ya njano, na ile ambayo mwili hauihitaji figo huitoa. Rangi inakuonyesha kidonge kimepita mwilini, haionyeshi kama kimezuia kipandauso. Tena rangi hiyohiyo imewasumbua hata watafiti. Mwaka 1998 Wabelgiji walitoa matokeo ya wagonjwa 55 waliofuatiliwa miezi mitatu. Kwa waliomeza miligramu 400, asilimia 59 walipungukiwa na siku za kipandauso kwa nusu au zaidi. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa asilimia 15. Tofauti ni kubwa. Lakini watu ni wachache, na anayekojoa njano anaweza kukisia kwamba yeye ndiye aliyepewa dawa. Akiamini hivyo, kichwa chenyewe kinaweza kutulia kidogo.

Mwaka 2004 wengine walichanganya riboflavini 400, magnesiamu 300 na mmea uitwao fivafyu. Kundi la kulinganisha lilipewa riboflavini miligramu 25 ili mikojo yote ifanane. Waliopata nafuu ya nusu walikuwa asilimia 44 upande mmoja na 42 upande wa pili. Yaani sawa tu. Wapo wanaosema labda hata hizo 25 zinafanya kazi. Mimi naona ni sababu ya kutoapa kwa jina la kidonge chochote.

Magnesiamu nayo ni hivyohivyo. Mwaka 1996 utafiti mmoja wa Ujerumani uliona nafuu kwa miligramu 600, mwingine wa huko huko mwaka huohuo haukuona kitu, ila wengi waliharisha. Hilo la kuharisha nalijua. Nilianza na magnesiamu ya aina ya oksidi, dozi nzima kwa mara moja, nikashuka kwenye mwendokasi Magomeni kwa mbio kutafuta choo. Ile ya aina ya sitrati, nikianza na nusu dozi pamoja na chakula, niliivumilia. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari, maana figo mbovu haziwezi kuitoa. Na ukiwa kwenye antibayotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini, usivimeze pamoja, magnesiamu huishika dawa tumboni isiingie mwilini.

Sasa kwangu. Desemba daftari langu lilikuwa na siku 17 za kichwa, na siku 16 za dawa ya maumivu. Daktari alizungushia kalamu ile 16 akasema: "Hii nayo inakuletea kichwa." Kumeza paracetamol siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, kunaweza kukifanya kichwa kisiishe. Nilipunguza, wiki mbili za mwanzo zilikuwa mateso, na nikaanza B2 ya 400 wakati huohuo. Machi nilihesabu siku 8. Najivunia ile 8, lakini siwezi kukuambia ni B2. Naamini kupunguza dawa za maumivu kulifanya kazi kubwa zaidi.

Jamani, acheni kubadilisha vitu vitatu wiki moja! Anza kimoja. Wiki mbili hazitoshi, kwenye ule utafiti wa Wabelgiji nafuu ilionekana zaidi mwezi wa tatu. Andika kila siku ya kichwa na kila siku uliyomeza dawa ya maumivu, mwezi mzima kabla na miezi mitatu baada. Namba isiposhuka, acha, okoa hela yako, rudi kwa daktari uulizie dawa za kuzuia. Na kichwa kikikupiga ghafla kuliko vyote ulivyowahi kupata, au mkono ukalegea, hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Dada wa Tabata, niandikie tena. Nataka namba mbili: miligramu zilizoandikwa kwenye kopo, na siku ulizomeza dawa ya maumivu mwezi uliopita.